Karatasi Niliyomwandikia Bibi

Bibi yangu anaishi Pangani na amevuka miaka themanini. Anasoma. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Anasoma herufi za kuchapa, polepole, kidole kikifuata mstari, na akifika mwisho wa mstari hupumzika kidogo kabla ya kushika unaofuata. Shangazi yangu aliyeko Muscat alipomletea simu janja ili wawe wanatumiana sauti kwa WhatsApp, jambo la kwanza nililoliwaza lilikuwa kisomo hicho. Mtu aliyejipatia kusoma kwa jasho lake anastahili kuandikiwa, na aandikiwe kwa namna anavyosoma yeye.

Wengi wetu tunapowafundisha wazee simu hatuwaandikii kitu. Tunaipokea simu mikononi mwao, kidole gumba kinapita hapa na pale, halafu tunawarudishia na kusema, "Tayari, umeona?" Mzee ameona kidole kikikimbia. Kesho yake mjukuu ameshapanda basi kurudi Dar es Salaam, na mzee hana wa kumuuliza isipokuwa mtoto wa jirani, naye hapendi kumuuliza mtoto jambo lilelile kila siku. Karatasi haimchoki mtu. Ataisoma mara tatu au mara kumi, peke yake, bila kutazamwa na yeyote akisitasita. Heshima ya mzee hulindwa kwa mambo madogo kama hilo.

Niliandika kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi ngumu, herufi kubwa, na kwa kanuni moja: kila mstari tendo moja, na chini yake kile atakachokiona baada ya kulitenda. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Ukimwambia mzee "bonyeza hapa" tu, akabonyeza, hana njia ya kujua kama amefanya sawa au ameharibu. Ukimwambia atakachokiona, jicho lake lenyewe linamjibu. Nikaongeza mstari mmoja juu kabisa, kabla ya hatua ya kwanza: "UKIONA KITU AMBACHO HAKIMO HUMU, USIBONYEZE. SIMU HAIHARIBIKI KWA KUACHWA. NIPIGIE."

Kazi ya kupakua programu sikuiweka kwenye karatasi, niliifanya mwenyewe. Play Store hudai akaunti ya Google, na akaunti hudai nywila, na mambo hayo yangemchosha kabla hajafika kunakomhusu. Naona ni haki kumpunguzia mzee hatua ambazo hatazirudia tena. Lakini kuandikisha namba yake nilitaka afanye mwenyewe, kwa sababu ndani ya hatua hizo kuna jambo ambalo nililihitaji alijue kwa mkono wake. Nitalifikia.

Maneno ya kwenye vitufe yalikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoijua. Sikuona sababu ya kumfundisha. Niliyanakili vilevile yalivyo, herufi kwa herufi, ili ayalinganishe kama mtu anavyolinganisha namba ya nyumba. Hatua za kwanza zikawa hivi:

"GUSA ALAMA YA KIJANI YENYE SIMU NDANI YAKE. UTAONA MAANDISHI MENGI NA KITUFE CHINI.

GUSA KITUFE KILICHOANDIKWA Agree and continue. UTAONA MAHALI PA KUANDIKA NAMBA.

HAKIKISHA JUU PAMEANDIKWA Tanzania, NA PEMBENI +255. KAMA NI NCHI NYINGINE, ACHA, NIPIGIE.

ANDIKA NAMBA YAKO BILA ILE 0 YA MWANZO. ANZIA KWENYE 7 AU 6. KISHA GUSA Next.

SIMU ITAKUULIZA KAMA NAMBA NI SAHIHI. ISOME POLEPOLE. KAMA NI SAHIHI GUSA Yes AU OK. KAMA UMEKOSEA GUSA Edit."

Ile sifuri ya mwanzo ilihitaji maelezo ya mdomo. Bibi amekuwa akiitaja namba yake kwa sifuri tangu alipopata simu, na kuambiwa aiache ilimtia shaka kwamba itakuwa namba ya mtu mwingine. Nikamwambia kwamba +255 imekaa mahali pa sifuri, kwa kuwa shangazi akipiga kutoka Muscat hawezi kuanzia na sifuri, lazima ataje nchi kwanza. Akaelewa mara moja. Ndivyo ilivyo kwa wazee wengi niliowaona: hawasumbuliwi na ugumu wa jambo, wanasumbuliwa na kuamriwa bila sababu.

Kulikuwa pia na suala la namba ipi. Bibi ana kitochi chake cha zamani, chenye laini ambayo ukoo mzima unaijua na ambayo huingiziwa hela za matumizi. Kitochi hukaa na chaji kwa siku kadhaa, na hakuwa tayari kuiondoa laini humo. Simu janja ikawekewa laini nyingine ya bando. Vijana wengi hawajui kwamba hilo halina shida yoyote. WhatsApp inaweza kuandikishwa kwa namba iliyoko kwenye kitochi huku programu ikikaa kwenye simu nyingine, kwa sababu laini inahitajika tu pale meseji ya kuthibitisha inapoingia. Baada ya hapo intaneti inatosha. Kwa hiyo bibi aliandikisha namba yake ileile ya zamani, na mstari uliofuata ulisema: "MESEJI ITAINGIA KWENYE KITOCHI. INA TARAKIMU SITA. ZIANDIKE KWENYE SIMU KUBWA."

Kitu kilichotudai kazi zaidi kilikuwa majina. Watu wake wote walikuwa wamehifadhiwa ndani ya kitochi, na simu mpya ilikuwa tupu. WhatsApp huazima orodha ya watu iliyoko kwenye simu. Ukigusa Allow pale inapoomba ruhusa ya kusoma majina, inatazama nani kati ya hao ameandikishwa. Ukikataa, au orodha ikiwa tupu, unabaki na ukurasa usio na mtu. Tulikaa jioni moja tukihamisha majina, bibi akitaja na mimi nikiandika. Wa Tanzania waliingia kama walivyo kwa sifuri, shangazi aliingia kwa +968 mbele. Bila alama hiyo na tarakimu hizo asingeonekana, na bibi angedhani bintiye hayumo.

Sasa kuhusu sauti, ambayo ndiyo iliyoileta simu hiyo nyumbani. Kuna kitufe cha maikrofoni pembeni mwa mahali pa kuandikia. Njia inayofundishwa ni kukishikilia huku unaongea na kukiachia ukimaliza, na ukiachia tu, sauti imekwenda. Kwa kidole cha kijana ni rahisi. Ngozi ya mzee imekauka, mkono unatetemeka kidogo, na kioo mara nyingine hakihisi kuguswa. Anaongea maneno mawili kidole kinateleza, na kipande cha salamu kinaruka hadi Muscat. Au anagusa mara moja tu kama alivyozoea kubonyeza kitochi, na hakuna kinachorekodiwa. Kwa hiyo sikumfundisha njia hiyo kabisa. Nilimwandikia ile ya kufunga kufuli: "SHIKILIA MAIKROFONI. BILA KUACHIA, SUKUMA KIDOLE JUU MPAKA PENYE KUFULI. SASA ACHIA. SIMU INAKUSIKILIZA. ONGEA UTAKAVYO. UKIMALIZA GUSA MSHALE WA KIJANI. UKIJUTA ULIYOSEMA, GUSA ALAMA YA PIPA LA TAKA." Kidole kikishafika penye kufuli, mikono yote miwili inakuwa huru. Bibi huiweka simu juu ya mkeka mbele yake na kuzungumza huku anasuka ukili, kama bintiye angekuwa ameketi pale.

Chini ya hapo nilichora alama nne na kuandika maana zake, kwani nilijua atajiuliza kama maneno yake yamefika. Saa ndogo: ujumbe bado uko ndani ya simu, bando limeisha au mtandao haupo. Tiki moja: umeondoka, simu ya mwenzako haijaupokea. Tiki mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake. Maikrofoni ikigeuka buluu: amekusikiliza. Pembeni nikaandika, "UKIONA SAA NDOGO USIRUDIE KUSEMA. ITAONDOKA YENYEWE MTANDAO UKIRUDI." Ningeuacha mstari huo, shangazi angepokea habari moja mara tano. Niliandika na mwingine ambao haumo kwenye maelekezo yoyote ya simu: tiki mbili bila buluu si dharau, mwenzako yuko kazini. Mzee aliyezoea kujibiwa salamu papo hapo anaweza kuumia kwa ukimya wa mashine, na ni wajibu wetu kumwambia mapema kwamba ukimya huo hauna maana ya zamani.

Mengine niliyarekebisha mwenyewe kwenye Settings bila kumweleza sana. Maandishi makubwa yako Chats, kisha Font size, kisha Large. Kwenye Storage and data nilizuia picha na video zisijipakue zenyewe kwa bando, kwa sababu kikundi kimoja cha harusi kinaweza kumaliza bando la wiki kabla hajaongea na mtu. Kwenye Privacy, kisha Groups, nilichagua My contacts ili mtu asiyemjua asimwingize kwenye kikundi.

Hapo ndipo tukarudi kwenye tarakimu sita.

Tanzania nzima inajua meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Bibi ameipokea mara nyingi na hucheka na kuifuta. Utapeli wa WhatsApp ni wa aina nyingine, na nilitaka auelewe kwa undani. Akaunti haikai ndani ya simu yake, imefungwa kwenye namba yake. Mtu yeyote popote alipo anaweza kufungua WhatsApp kwenye simu nyingine na kuandika namba ya bibi, kama bibi alivyofanya. Kinachomzuia ni kimoja tu: meseji ya tarakimu sita itaingia kwenye kitochi cha bibi, si kwake. Kwa hiyo tapeli hana budi kumwomba. Na haji kwa jina lake. Anakuja kwa jina la mpwa, la jirani, la mama wa msikitini, kwa kuwa akaunti ya huyo ameshaiteka jana kwa njia hiyohiyo. Ujumbe unasema: samahani, nimekosea, nimekutumia namba sita kwenye simu yako, nirudishie tafadhali. Mzee akirudisha, programu yake inafungwa, na baada ya muda mfupi ukoo mzima unapokea maombi ya hela kutoka kwa bibi.

Ndiyo sababu nilitaka aipokee meseji ile kwa mkono wake siku ya kuandikisha. Mtu aliyeona kwamba tarakimu zile ndizo zilizomfungulia mlango anajua thamani yake. Asingeijua kama ningezipokea na kuziandika mimi.

Lakini kujua hakutoshi, na hapa nilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Bibi yangu amelelewa, na ametulea sisi, kwamba ndugu akiomba humrudishi mikono mitupu. Kumnyima mpwa namba ambazo hata huzihitaji ni uchoyo. Tapeli hatumii ujinga wa wazee, anatumia malezi yao. Ukimwandikia mzee "usimpe mtu usiyemjua", hujamsaidia chochote, kwa sababu anayeomba anaonekana ni mtu anayemjua. Inabidi umwandikie ruhusa ya kutunyima sisi. Nikaandika kwa wino mwekundu: "TARAKIMU SITA HAZISOMWI KWA MTU YEYOTE. HATA MWANAO. HATA MIMI MJUKUU WAKO. ATAKAYEZIOMBA, HATA KWA JINA LANGU, SI MIMI."

Bibi akaisoma mara mbili. "Hata wewe, mume wangu?" akaniuliza.

"Hata mimi, bibi. Ukininyima hizo umenitunza."

Akafikiri, kisha akauliza swali ambalo lilitupatia mstari bora kuliko wote. Akitumiwa ujumbe na mtu wake kweli, ana shida kweli, atajuaje? Nilianza kumweleza habari za picha na namba, akanikatiza. Akasema mtoto wake hawezi kuomba kitu bila kusema shikamoo na kuuliza ameamkaje. Alikuwa ameona jambo. Tapeli ana haraka, anaruka salamu. Na hata akiandika salamu, hawezi kuipokea ya bibi kwa sauti ya shangazi na kumjibu habari za mguu unaomuuma. Tukakubaliana kwamba ombi lolote la hela au la namba, hata likija kwa jina na picha ya mtu wake, halijibiwi pale. Bibi anachukua kitochi, anapiga simu ya kawaida kwa namba aliyoizoea, anasikia shikamoo, anajibu marahaba, ndipo mazungumzo yaanze. Mstari ukawa: "ANAYEOMBA, MPIGIE KWANZA KWA KITOCHI. AKUAMKIE." Ni adabu ya kwao Pangani ya miaka yote, na sijaona kinga ya simu iliyo rahisi kuikumbuka kuliko hiyo.

Mwisho tuliweka kufuli ya pili. Iko Settings, kisha Account, kisha Two-step verification. Unachagua mwenyewe tarakimu sita, na kuanzia hapo mtu akipata ile meseji bado ataulizwa hizi. Hapa pana mtego wa kuchanganya: sasa kuna tarakimu sita zinazokuja kwa meseji na kubadilika kila mara, na tarakimu sita za siri ambazo hazibadiliki. Na bado kuna tarakimu nne za pesa kwenye simu. Niliziita kwa majina matatu tofauti kwenye karatasi: namba za meseji, namba za kufuli, namba za pesa. Zile za kufuli hazikuandikwa kwenye karatasi inayokaa ukutani. Bibi aliziandika kwenye daftari lake, analiweka sandukuni. Programu humuuliza namba za kufuli mara kwa mara ili asizisahau, na kwa sababu hiyo niliandika kwamba ikimuuliza yenyewe, ndani ya ukurasa wake wa kijani, hilo ni la kawaida. Kama zinaulizwa na mtu, si kawaida.

Nilimwandikia pia shangazi, pembeni, nini kifanyike kama licha ya yote akaunti itatekwa. Andikisha namba upya papo hapo kwenye simu ya bibi. Meseji mpya itaingia kwenye kitochi, na ukiandika tarakimu zake aliyeiteka anatolewa. Kama akaunti haikuwa na kufuli na mwizi ameweka ya kwake, utatakiwa kusubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini naye atakuwa nje. Wakati huo ukoo wote upigiwe simu kuambiwa wasitume hela. Namba ya tapeli hutumwa kwa TCRA kwenye 15040.

Karatasi hiyo ina upungufu mmoja ambao hauna dawa: programu hubadilika. Vitufe vya Chats na Calls kwenye simu nyingi vilikuwa juu ya kioo, kisha vikashushwa chini, na karatasi iliyosema "juu" ikawa inapotosha. Ndiyo maana nilitegemea maneno na michoro kuliko mahali, na niliacha nafasi pembeni ya kila mstari ya kusahihisha. Kila nikienda Pangani huwa naisoma pamoja na bibi, mstari kwa mstari, simu ikiwa mkononi mwake.

Kama una mzee aliyepewa simu majuzi, mwandikie yake. Usiinakili hii, kwa kuwa simu yake, macho yake na ukoo wake ni tofauti. Keti naye, mwache abonyeze mwenyewe, andika anachokiona kwa maneno anayotumia yeye. Na kabla hujaaga, mweleze kwa kinywa chako kwamba ana ruhusa ya kukunyima zile tarakimu sita, kisha mwombe. Usiondoke mpaka akunyime.